Barua ya siku 21 kwa kampuni isiyolipa



Ndugu yetu mmoja mfanyabiashara wa nafaka mjini Tarime ametuletea bahasha yenye karatasi zake na swali moja. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiipelekea mchele na maharage kampuni moja inayopikia watu makambini, kambi moja ikiwa upande wa Nyamongo na nyingine karibu na Mugumu, wilayani Serengeti. Alipeleka mzigo mara tatu, kwa ankara za shilingi 6,400,000, shilingi 5,850,000 na shilingi 7,150,000. Jumla ni shilingi 19,400,000. Amelipwa shilingi 4,000,000 tu. Kila akienda kambini, msimamizi humwambia wakubwa wamesafiri. Sasa jamaa zake wamemshauri awaandikie wakurugenzi kwamba wasipolipa ataifilisi kampuni yao. Anauliza: je, barua ya namna hiyo ina nguvu, au ni kutishana tu?

Jibu ni kwamba ina nguvu kubwa, lakini kwa masharti. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002, ambayo ni Sura ya 212 ya sheria za Tanzania, inairuhusu Mahakama Kuu kuamuru kampuni ifilisiwe ikiwa haiwezi kulipa madeni yake. Lakini mtu wa nje atajuaje kama kampuni imeshindwa kulipa, na vitabu vyake vya hesabu viko kabatini kwao? Hapo ndipo barua inapopata kazi. Sheria inasema kwamba mdai akiiandikia kampuni madai ya deni lililokwisha kuiva, akaifikisha barua hiyo kwenye ofisi yake iliyosajiliwa, na wiki tatu zikapita bila kampuni kulipa, wala kuweka dhamana, wala kupatana naye kwa namna inayomridhisha, basi kampuni hiyo itahesabiwa kuwa imeshindwa kulipa madeni yake. Barua ndiyo inayozalisha ushahidi. Ikikosewa, hakuna ushahidi, na maombi yatakayofunguliwa juu yake yatayumba.

La kwanza la kukagua ni huyu unayemdai ni nani. Biashara nyingi zenye vibao vikubwa barabarani ni majina ya biashara tu, yaliyosajiliwa kwa mtu mmoja au washirika. Hizo hazifilisiwi kwa Sheria ya Kampuni. Huyo mtu au washirika hao hushtakiwa wao wenyewe. Ndugu yetu alipotafuta katika daftari la BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, alikuta kwamba mdaiwa wake ni kampuni ya kweli yenye wakurugenzi wawili. Aligundua pia kuwa ofisi iliyosajiliwa haiko Nyamongo wala Mugumu, bali Mwanza. Barua mbili alizokwisha kuziacha kambini kwa msimamizi, kwa hiyo, hazikuanza kuhesabu hata siku moja. Huo ndio mtego unaowanasa wengi: wanapeleka barua mahali walipopeleka mzigo, na sheria inataka ipelekwe mahali kampuni ilipojiandikisha.

La pili ni kiasi. Akitoa alicholipwa, ndugu yetu anadai shilingi 15,400,000. Lakini katika karatasi zake imo hati moja ya kupokelea mzigo ambayo mpokeaji ameandika kwa kalamu kwamba magunia kadhaa ya mchele, yenye thamani ya shilingi 900,000, yalifika yameloa. Yeye anasema magunia yalilowea mikononi mwao. Huenda ni kweli. Hata hivyo huo ni mgogoro, na Mahakama Kuu haipokei maombi ya kufilisi kuwa njia ya kuamua ugomvi wa deni lenye ubishi wa kweli. Kampuni ikionesha kwamba ina sababu ya msingi ya kulipinga deni, maombi hutupwa, na mwombaji huweza kubebeshwa gharama. Shauri letu kwake ni kuyaweka kando hayo 900,000 ayadai kwa njia nyingine, na barua hii idai zile 14,500,000 ambazo kampuni imezipokea kwa saini na muhuri bila neno.

La tatu ni maneno yenyewe. Barua haihitaji matusi wala vitisho. Inatosha iwe hivi:

"Kwa Kampuni (jina kamili kama lilivyosajiliwa), ofisi iliyosajiliwa, Mwanza. Ifikishwe kwa Wakurugenzi.

YAH: MADAI YA SHILINGI 14,500,000 CHINI YA KIFUNGU CHA 280 CHA SHERIA YA KAMPUNI, SURA YA 212.

Mnadaiwa nami shilingi 14,500,000, ikiwa ni salio la bei ya mchele na maharage mliyopokea katika kambi zenu za Nyamongo na Mugumu. Nakala za ankara tatu na hati za kupokelea mzigo zimeambatishwa. Muda wa kulipa uliokubaliwa umekwisha kupita.

Nawataka mlipe kiasi hicho, au mweke dhamana, au mpatane nami kwa namna itakayoniridhisha, ndani ya siku 21 tangu kupokea barua hii. Msipofanya hivyo nitaiomba Mahakama Kuu iamuru kampuni ifilisiwe, bila kuwapa taarifa nyingine."

Chini yake mdai aweke saini, tarehe, anwani na namba ya simu. Aipeleke kwa mkono akiwa na shahidi, na nakala yake igongwe muhuri na kutiwa tarehe ya kupokelewa. Wakikataa kupokea, aiache hapo ofisini, kisha shahidi aandike siku, saa na mtu aliyekuwapo. Siku ya kufikisha haihesabiwi. Barua ikifika tarehe 3 Machi, siku ya 21 ni tarehe 24 Machi, na maombi yasifunguliwe kabla ya tarehe 25. Kwa wenzetu wa Mara, maombi hayo husikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Musoma, na hapo ni busara kumtafuta wakili.

Msomaji atauliza: kwa nini tunawataja wakurugenzi, je, watalipa wao? Kwa kawaida hapana. Deni ni la kampuni, na kampuni ni mtu wa peke yake mbele ya sheria. Mkurugenzi huwajibika kwa mali yake ikiwa aliweka saini ya kuidhamini kampuni, au ikiwa mahakama itaona kwamba biashara iliendeshwa kwa nia ya kuwalaghai wadai. Tunawaandikia kwa sababu wao ndio wenye kuamua. Mkurugenzi aliyesoma barua hiyo anajua kwamba maombi yakifunguliwa yatatangazwa hadharani, na kwamba tangazo hilo litasomwa na benki yake pamoja na kila aliyemkopesha.

Sasa tufikie jambo ambalo wale jamaa hawakumwambia ndugu yetu. Kufilisi kampuni hakumlipi yule aliyeanza. Ni dawa ya wadai wote kwa pamoja. Mahakama humteua mfilisi, naye hukusanya mali na kuigawa kwa utaratibu. Mwenye rehani hujilipa kutokana na kile alichowekewa. Zifuatazo ni gharama za ufilisi, kisha madeni yenye upendeleo kama mishahara na kodi. Kinachobaki hugawiwa wadai wa kawaida kwa uwiano, na ndugu yetu yumo katika kundi hilo la mwisho.

Tuchukue mfano wa kukisia. Mali yote ya kampuni imeuzwa kwa shilingi 60,000,000. Benki yenye rehani ya magari inachukua 40,000,000. Gharama, mishahara na kodi zinakula 14,000,000. Zimebaki 6,000,000, na wadai wa kawaida kwa jumla wanadai 60,000,000. Kila mmoja atapata senti 10 kwa kila shilingi anayodai. Ndugu yetu mwenye kudai 14,500,000 ataondoka na 1,450,000. Aidha, hesabu hiyo haitafungwa kwa mwezi mmoja. Maombi ya kuifilisi kampuni ya umeme ya IPTL, yaliyofunguliwa na mwanahisa wake mdogo mwaka 2002, yaliondolewa mahakamani mwaka 2013. Hilo lilikuwa shauri kubwa mno kuliko la mchele na maharage, lakini linatufunza kwamba mlango huu ukishafunguliwa, anayeufungua si yeye anayeamua lini utafungwa.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, ndugu yetu arudi BRELA mara moja zaidi, atazame daftari la rehani za kampuni hiyo. Akikuta magari, majokofu na vyombo vyote vimewekwa rehani benki, ajue kwamba kuifilisi kutamfaidia kidogo, na kwamba nguvu ya barua yake iko ndani ya zile siku 21, si baada yake. Kampuni ikija na ahadi ya kulipa kwa awamu tatu, na mkurugenzi mmoja akakubali kuidhamini kwa maandishi, hiyo huenda ikawa bora kuliko hukumu. Akikuta kampuni ina mali isiyo na rehani na inaendelea kulipwa na wateja wake, basi anayo pia njia ya kufungua kesi ya kawaida ya madai katika Mahakama ya Wilaya, ashinde, kisha akamate mali kwa ajili ya deni lake mwenyewe. Asikae tu akingoja, kwa maana madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6.

Wasomaji wetu wanaijua tofauti ambayo dini imeiweka kati ya mdaiwa mwenye dhiki, anayestahili kupewa muda kama ilivyoelekezwa katika Suratul Baqara aya ya 280, na mwenye uwezo anayechelewesha kwa makusudi, ambaye huyo ni dhalimu. Tatizo la ndugu yetu lilikuwa kwamba hakujua mdaiwa wake ni yupi kati ya hao wawili, kwa kuwa alikuwa akizungumza na msimamizi wa kambi. Barua iliyoandikwa sawasawa na kufikishwa Mwanza itamjulisha. Mwenye dhiki atakuja kabla ya siku ya 21 kueleza hali yake na kuomba kupatana, na sheria imempa nafasi hiyo. Mwenye uwezo atalipa. Na asiyejibu kabisa atakuwa amejibu.

Jambo moja la mwisho. Ndugu yetu ameweza kudai kwa sababu kila gunia lilikuwa na hati yake. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo ilikwisha kutuamuru tuandike. Shilingi 900,000 anazobishaniwa ni za siku ile moja aliyomtuma kijana peleke mzigo, bila kumwambia asome kile mpokeaji alichokiandika.