Sisimizi hawajui njia fupi, acheni kuwasifia bure

Jamani, kuna hadithi moja imenichosha. Kila anayetaka kusifia nguvu ya kundi lazima atuletee sisimizi. Eti kundi lao lina akili moja, eti siku zote linapata njia fupi ya kufika kwenye chakula. Nusu ya hadithi hiyo ni kweli. Nusu nyingine ni uongo, na uongo huo unaharibu programu za watu.

Tuanze na jaribio lenyewe. Mwaka 1989, Simon Goss, Jean-Louis Deneubourg na wenzao wa Brussels walichapisha matokeo ya jaribio rahisi kabisa. Waliweka sisimizi wa Argentina upande mmoja, chakula upande wa pili, na katikati daraja linalogawanyika mara mbili. Tawi moja lilikuwa na urefu mara mbili ya lingine. Mwanzoni sisimizi walijigawa nusu kwa nusu. Baada ya dakika chache, karibu wote walikuwa kwenye tawi fupi.

Nani aliamua? Si malkia, kazi yake ni kutaga mayai. Wala hakuna sisimizi aliyepima urefu. Sisimizi hawa huacha harufu, yaani feromoni, wakienda na wakirudi. Aliyebahatika kupita tawi fupi anafika na kurudi mapema, kwa hiyo tawi hilo linapata harufu maradufu wakati wenzake bado wako njiani kwenye tawi refu. Anayefuata ananusa na kuelekea penye harufu kali zaidi, naye anaongeza yake. Hesabu yote inafanyika chini kwenye udongo, si kichwani mwa yeyote. Hapo ndipo kundi linafanana na akili moja, na hapo sina ugomvi.

Watafiti hao walipata fomula inayokaribia sana tabia hiyo. A na B ni idadi ya sisimizi waliokwisha kupita kila tawi:

```
P(A) = (20 + A)^2 / ((20 + A)^2 + (20 + B)^2)
```

Kama hakuna aliyepita, ni nusu kwa nusu. Wakipita 60 upande wa A na 20 upande wa B, anayefuata ana nafasi ya asilimia 80 kuchagua A. Angalia vizuri basi: je, unaona urefu wa njia popote kwenye fomula? Haumo! Kuna wingi wa waliotangulia tu.

Sasa ile sehemu wasifiaji wanayoiruka. Watafiti waliwapa sisimizi tawi refu peke yake, kisha baada ya dakika 30 wakaongeza tawi fupi. Tia namba mwenyewe: wamepita 100 tawi refu, sifuri tawi fupi. Fomula inakupa asilimia 97 kwa tawi refu. Ndivyo ilivyokuwa: kundi lilibaki kwenye tawi refu, njia fupi ikiwa pale pale mbele yao. Harufu hupotea taratibu mno kuweza kuwaokoa. Hata matawi yakiwa sawa kabisa, kundi huishia kung'ang'ania moja, kwa sababu tu wachache wa kwanza walielekea huko.

Kwa hiyo ukisema akili moja, sema pia ni akili inayoweza kuwa kaidi. Kuna aina nyingine, sisimizi mweusi wa bustani wa Ulaya, ambaye hukwama kidogo zaidi. Yeye akijikuta anakwenda mbali na uelekeo wa chakula, hugeuka nyuma. Yaani kinachookoa kundi ni mmoja mmoja kuthubutu kutofuata harufu.

Marco Dorigo alilielewa hili alipobuni mbinu yake ya kutafuta njia kwa kompyuta, katika tasnifu yake ya mwaka 1992 huko Milano. Sisimizi wake wa kompyuta wanakumbuka safari nzima, wanaacha harufu baada ya kumaliza, tena nyingi zaidi kama safari ilikuwa fupi. Na kila mzunguko sehemu ya harufu inafutwa. Hayo si mapambo. Ni dawa ya ugonjwa ambao sisimizi halisi wa Argentina wanao.

Sasa mtu ananakili hadithi, anaacha ufutaji, kisha anashangaa. Dalili ni rahisi kuiona: ndani ya jaribio moja sisimizi wote wanafuata njia ile ile mapema mno, lakini ukianza upya mara kumi kwa namba tofauti za bahati, unapata majibu kumi tofauti. Hiyo si akili ya kundi. Ni bahati ya waliotangulia.

Kwa hiyo ukiniambia kundi limekubaliana, sitakuuliza wangapi. Nitakuuliza harufu ya zamani inafutwa kwa kasi gani.