NDOO TATU ZA HELA (Sehemu ya 4): Ng'ombe siyo hela ya kujifungulia

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, sasa nirudi kwenye mada yetu.

Wengi mmeniuliza inboksi, "Sista, niweke wapi hela ipate faida kubwa?" Mimi naona swali hilo linakuja mapema mno. Kwanza niambie hela hiyo utaihitaji lini. Ya ndani ya mwaka mmoja ina ndoo yake, ya miaka mitano yake, ya miaka ishirini yake. Ukichanganya, hata uwekezaji mzuri unakuumiza.

Nawapa mfano wangu mwenyewe, msinicheke. Mimba ya pili nilikuwa na 650,000 ya kujifungulia. Mume wangu akasema hela ikikaa bure inaliwa, tukanunua mtamba. Hapa Machochwe nani angetupinga? Mwezi wa nane wa mimba mnada ukafungwa kwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Nikahitaji upasuaji, ikabidi tumuuzie jirani kwa 400,000. Mtamba hakuwa na kosa lolote. Mwaka wa pili angezaa. Kosa lilikuwa kumweka kwenye ndoo ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo safari hii tulikaa chini na 6,000,000 tuliyokusanya kwa miaka kadhaa, tukaandika matumizi kwenye daftari kabla ya kutaja uwekezaji wowote.

Ndoo ya mwaka mmoja: kujifungua na dharura 900,000, sare na madaftari ya Januari 400,000, chakula mpaka mavuno 500,000. Jumla 1,800,000. Hapa sitafuti faida. Sehemu iko kwenye simu na benki, nyingine kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambako ukiomba kuuza vipande unalipwa baada ya siku chache za kazi. Siku chache siyo usiku wa manane, ndiyo maana ya gari la kwenda Mugumu inabaki kwenye simu. Na kikoba jamani, hisa zako zimekopeshwa kwa wenzako mpaka siku ya mgao. Usizihesabu kama hela ya dharura.

Ndoo ya miaka mitano ni bati na madirisha ya nyumba, 2,400,000. Hapa ndipo ng'ombe anakaa vizuri, kwa sababu una muda wa kumsubiri. Unamuuza baada ya mvua akiwa amenona, siyo Januari ambapo kila mzazi anasukuma mfugo mnadani. Lakini ng'ombe huugua na huibwa, huku kwetu mnajua. Tukaweka nusu kwa ng'ombe wawili, nusu kwenye Mfuko wa Hatifungani.

Ikabaki 1,800,000 ya miaka ishirini. Milioni moja, ambayo ndiyo kima cha chini, ilikwenda kwenye hatifungani ya Serikali ya miaka 20 kupitia benki. 800,000 ikaenda Mfuko wa Umoja, ambao una hisa za makampuni ndani yake. Bei ya kipande ikishuka mwaka huu, siuzi, maana sina shida na hela hiyo mwaka huu.

Hatifungani nayo msiione kama akaunti ya kawaida. Aprili 2022 riba ya zile mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Aliyenunua kabla aliendelea kupata yake ileile. Baadaye zikatoka zenye riba kubwa zaidi, na mwenye ile ya 12.10 aliyetaka kuiuza wakati huo kabla ya muda, mnunuzi alimpa chini ya thamani yake, kwani yeye aliweza kupata mpya iliyolipa zaidi. Asiyelazimika kuuza hapotezi mtaji wake. Ndiyo maana sikuigusa ile milioni mpaka ndoo mbili za mbele zilipojaa.

Kwa riba hiyo ya 12.10, milioni moja inakupa 60,500 kila miezi sita. Sisi riba yetu tunaimwaga kwenye ndoo ya kwanza, inasaidia Januari. Kila mwaka baada ya mavuno tunalifungua daftari tena. Nyumba ikibakiza mwaka mmoja kuezekwa, hela ya bati inahama taratibu kutoka kwa ng'ombe kwenda kwenye ukwasi, hata kama bei ya ng'ombe inapanda. Mume wangu bado ananuna kwa hilo.

Mwenye 60,000 tu asikate tamaa ya daftari: yote ni ya ndoo ya kwanza, basi. Kesho kutwa nikiwa ofu nitawaandikia namna ya kufungua akaunti ya hatifungani benki, na karatasi za kubeba.