PEP haisubiri Jumatatu

AFYA MTAANI
Na Rehema Mshangama

Kondomu ikipasuka Ijumaa usiku, jambo la kwanza linalotujia wengi wetu ni mimba. Dada hukimbilia duka la dawa, huomba P2, huimeza palepale na kushusha pumzi. VVU hukumbukwa baadaye, pengine Jumapili mchana, na akimuuliza shoga yake huambiwa: “Usihangaike, zile dawa za PEP una saa 72. Nenda CTC Jumatatu.”

Ushauri huo una ukweli nusu, na nusu iliyobaki inaweza kumgharimu mtu. Ni kweli kwamba PEP, yaani dawa za kinga anazopewa mtu ambaye huenda ameguswa na VVU, huanzwa ndani ya saa 72. Lakini saa 72 ni ukomo wa mwisho, ukivuka hapo hupewi. Si kweli kwamba saa ya 3 na saa ya 70 zina uzito mmoja.

Sababu iko katika namna kirusi kinavyofanya kazi. VVU vikipenya kwenye utando laini wa ukeni au wa njia ya haja kubwa, havienei mwilini papo hapo. Kwa muda mfupi vinakuwa katika seli chache tu, karibu na pale vilipoingilia. Kisha seli za kinga, zilezile zinazolinda eneo hilo, huvibeba hadi kwenye tezi za limfu, na huko vinakuta seli za CD4 zimejaa tele. Baada ya siku chache vimeshafika kwenye damu.

Kidonge kinachotolewa siku hizi kwa kinga hii ni TLD, chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Mbili za kwanza huzuia kirusi kutengeneza nakala ya vinasaba vyake ndani ya seli. Ya tatu huizuia nakala hiyo isijipachike katika vinasaba vya seli yenyewe. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuing'oa nakala ikishajipachika. Kwa hiyo mbio zote ni za kuwahi kabla seli hizo chache hazijawa nyingi.

Hakuna mtafiti atakayewanyima watu dawa kwa makusudi ili aone nani ataambukizwa, hivyo sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu saa na siku kilitoka kwa wanyama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, nyani waliodungwa virusi vya jamii ya VVU walipewa tenofoviri kwa mipango tofauti. Wanne walioanza saa 24 baadaye na kutumia dawa siku 28 walipona wote. Walioanza saa ya 48 au ya 72 waliokoka nusu. Wengine walianza mapema, saa ileile ya 24, lakini dawa ikakatishwa: waliotumia siku 10 waliokoka nusu, na waliotumia siku 3 hakuokoka hata mmoja. Nyani si binadamu, na walidungwa kirusi moja kwa moja kwenye mshipa, kwa hiyo tusizihamishe hesabu hizo kwetu jinsi zilivyo. Hata hivyo zinaonyesha mambo mawili waziwazi: kuchelewa kunapunguza kinga, na kuacha njiani kunapunguza kinga vilevile.

Sasa tupige hesabu ya yule dada. Tuseme kondomu imepasuka Ijumaa saa tano usiku. Akisubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu saa mbili asubuhi, saa 57 zimeshapita. Kuna foleni, kuna kufungua faili, kuna ushauri nasaha na kipimo. Akipata kidonge saa sita mchana, ni saa ya 61. Bado yumo ndani ya muda na lazima apewe, ila amepoteza siku mbili na nusu zilizokuwa bora kuliko zote. Jumatatu hiyo ikiwa sikukuu, amekosa kabisa.

Angefanya nini? Angekwenda usiku uleule, au alfajiri, kwenye hospitali yenye idara ya dharura inayofanya kazi saa 24, na kusema bila kuzunguka: “Nimepata hatari ya VVU, naomba PEP.” Kabla ya kutoka nyumbani angenawa nje kwa maji na sabuni, bila kujiosha ndani, kwa sababu kujisugua huko huuchubua utando na kukipa kirusi njia. Muuguzi aliyejichoma sindano naye ananawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila kukikamua kidonda wala kukimwagia jiki.

Akifika anaulizwa maswali machache: ni tukio gani, saa ngapi, na kama hali ya mwenzake inajulikana. Mwenzake akiwepo na akikubali kupima, inasaidia sana, kwani akikutwa hana maambukizi mtoa huduma anaweza kuzisimamisha dawa. Lakini kumtafuta mwenzake kusiwe sababu ya kuchelewesha kidonge cha kwanza. Yeye mwenyewe anapimwa kwa tone la damu la kidoleni, na majibu hutoka muda si mrefu. Kipimo hiki hakionyeshi kilichotokea usiku huo. Kinaonyesha kama alikuwa na VVU tangu zamani. Akiwa navyo, PEP haimfai, anahitaji matibabu ya kudumu. Na hata vipimo vikiwa vimekwisha stoo, kidonge cha kwanza kinamezwa, kipimo kitafuata.

Kuna mambo ambayo ni lazima amwambie mtoa huduma. Kama ana ugonjwa wa figo, tenofoviri inahitaji tahadhari. Kama anatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, dolutegraviri moja kwa siku haitoshi, huongezwa nyingine baada ya saa 12. Kama ana homa ya ini aina ya B, afuatiliwe atakapomaliza, kwa kuwa dawa mbili kati ya hizi huituliza na ini linaweza kuvimba zikiachwa. Dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu navyo huizuia dolutegraviri isinyonywe vizuri. Ameze TLD muda wa saa mbili kabla ya hivyo, au saa sita baada yake.

Kwa aliyebakwa nataka niseme neno moja kwa sauti. PF3 ni karatasi ya polisi na mahakama. Ina umuhimu wake katika kesi, na vituo vya Mkono kwa Mkono vilianzishwa hospitalini ili daktari, polisi na ustawi wa jamii wapatikane mahali pamoja. Lakini kidonge cha PEP hakitakiwi kuisubiri fomu hiyo. Mhudumu anayemrudisha mtu kituoni kwanza “akalete PF3” anazila saa za mtu ambaye hakuchagua hatari hiyo.

Huo ndio mwanzo, na kwa wengi ndiyo sehemu rahisi. Hofu ya usiku wa kwanza humfikisha mtu hospitalini, lakini haimpeleki hadi siku ya 28. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba waliomaliza dozi walikuwa zaidi kidogo ya nusu ya walioanza. Kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono, waliomaliza walikuwa kama wanne tu kati ya kumi.

Kwa nini wanaacha? Zamani jibu lilikuwa zidovudini, dawa iliyowaletea watu kichefuchefu, uchovu na hata upungufu wa damu. Sifa mbaya ya PEP mitaani ilianzia huko. TLD ni nyepesi zaidi: kidonge kimoja kwa siku, na usumbufu wake mara nyingi ni kichwa kuuma, tumbo kuchafuka kidogo au usingizi kukatika, mambo ambayo kwa kawaida hupungua siku zinavyosonga. Usingizi ukigoma, kidonge kihamishiwe asubuhi. Ukikisahau, kimeze pale ulipokumbuka, ila usimeze viwili kwa mpigo kufidia.

Siku hizi tatizo kubwa ni chupa yenyewe. TLD ya kinga ni ileile ya matibabu, yenye lebo ileile. Mama mkwe akiiona kabatini, au mwenzako wa chumba akiisikia ikigongagonga ndani ya mkoba, hatauliza kama ni ya siku 28 au ya maisha. Watu huacha kwa kuiogopa chupa kuliko kwa kuiogopa dawa. Hakuna ubaya wa kuvihamishia vidonge kwenye kichupa kingine kikavu chenye kifuniko kinachobana, mradi kikae mbali na watoto. Ukimwambia mtu mmoja unayemwamini akukumbushe kila siku, ni bora zaidi.

Sababu nyingine ya kuacha ni utulivu. Wiki ya pili ikifika, mtu anajisikia mzima na hofu imeisha, naye anaona amekwisha kupona. Hajui kwamba alikuwa mzima tangu mwanzo na kwamba dawa haikuwa ya kuondoa dalili. Inazuia seli mpya zisiingiliwe, huku zile chache zilizowahi kuingiliwa zikifa zenyewe. Zile wiki nne ni za kusubiri zife.

Hapa ndipo ninapogombana na hospitali zetu. Kuna vituo vinavyompa mtu vidonge vya siku chache, kisha kumtaka arudi kuchukua vingine. Kila safari ya kurudi ni nauli, ni ruhusa ya kazini, ni benchi la CTC ambako jirani anaweza kumwona. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri dozi yote ya siku 28 itolewe siku ya kwanza, na chupa ya kawaida ya TLD ina vidonge 30. Mpe chupa nzima, ufuatilie kwa simu. Akikupigia wiki ya kwanza kwamba hapati usingizi, utamsaidia asiache. Akimaliza, apime, na apime tena miezi mitatu baada ya tukio. Katika kipindi hicho chote atumie kondomu na asichangie damu. Na kama hatari ileile inamrudia kila mara, siku anayomaliza PEP ahamie moja kwa moja kwenye PrEP, kinga ya kabla ya tukio, badala ya kuja kuhesabu saa upya.

Ninachowaomba waganga wakuu wa wilaya hakihitaji jengo jipya. Chupa chache za TLD zikae kwenye kabati la idara ya dharura, na zamu ya usiku iwe na ufunguo na idhini ya kuzitoa. Kisha wapite wenyewe Jumamosi saa sita usiku, wamuulize mhudumu wa zamu PEP iko wapi. Akijibu “njoo Jumatatu,” huduma hiyo haipo, hata kama taarifa ya mwezi inasema ipo.