Sindano Nyekundu na Lango la Maumivu

Baba wa mmoja wa wanafunzi wangu, mkaaji wa Katuba hapa Lubumbashi, amefyatua matofali tangu ujana wake. Yapata miaka mitatu sasa mgongo wake wa chini haumpi nafasi. Waganga wa hospitali walimpima na kumpiga picha, wasione mfupa uliovunjika wala ugonjwa wa hatari. Hata hivyo kila Jumamosi alikuwa akienda kwa muuguzi wa mtaani kudungwa sindano yenye maji mekundu. “Mwalimu,” aliniambia, “ile nyekundu ndiyo inayonifaa. Kabla sijafika nyumbani mgongo umekwisha kulegea.” Siku ya tatu maumivu yalirudi, naye akahesabu siku mpaka Jumamosi nyingine.

Nilimwomba anionyeshe kichupa. Kilikuwa cha vitamini B12. Rangi yake si ya kutiwa. Yatokana na kobalti iliyomo ndani ya vitamini hiyo, madini yale yale yachimbwayo katika nchi yetu ya Katanga. Ni dawa njema kwa aliyepungukiwa nayo, lakini kazi yake huonekana baada ya siku na majuma. Kulegeza mgongo katika nusu saa si kazi yake.

Je, baba huyu alisema uwongo? Hasha. Mwaka 1978, huko San Francisco, Amerika, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields waliwachunguza watu waliong'olewa magego. Wengine walipewa dawa ya bure, yaani isiyo na nguvu yoyote ndani yake, na baadhi yao wakapata nafuu. Kisha wachunguzi wakatia naloksoni, dawa izuiayo kazi ya mofini mwilini. Wale waliopata nafuu wakaanza kuumwa tena. Maana yake nini? Mwili wenyewe ulikuwa umetengeneza dawa zake zinazofanana na mofini, nazo huitwa endofini. Matazamio ya kupona yalifungua ghala ambalo mtu analo tayari.

Kwa hiyo sindano ya rafiki yangu ilikuwa na kazi, ila kazi hiyo haikutoka kichupani. Ilitoka katika harufu ya spiriti, uchungu wa sindano, rangi ile nyekundu, na mkono wa muuguzi anayemwamini. Ndiyo sababu sindano tupu hutuliza kuliko kidonge kitupu.

Sasa tuone njia yenyewe. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kwamba habari ya maumivu haipandi moja kwa moja kutoka mgongoni hadi akilini. Ndani ya uti wa mgongo, mahali neva zinapoingia, pana kitu kama lango. Nyuzi nyembamba za neva huleta habari ya maumivu na kulisukuma lango lifunguke. Nyuzi nene, zichukuazo habari ya kuguswa na kusuguliwa, husaidia kulifunga. Mtoto akijigonga goti, mama hulisugua mara moja, na kilio hupungua. Amekwisha kufanya elimu ya Melzack na Wall bila kuisoma. Tena lango hili lina bwana wake juu. Ubongo hutuma amri chini: hofu, huzuni na kukosa usingizi hulipanua, utulivu, kazi ipendezayo na tumaini hulibana. Waliokuja nyuma yao wamesahihisha mambo kadha wa kadha ya mfano huo, nao hauelezi kila kitu, kwa mfano maumivu ya mguu uliokwisha kukatwa. Lakini amri ile itokayo juu imethibitika.

Nilipomweleza hayo, aliniuliza swali zuri: “Sasa umenifumbua macho, Mwalimu, je, dawa yangu imekufa?” Nilimwambia habari za Lisboni. Mwaka 2016 wagonjwa wa mgongo wa siku nyingi walipewa huko vidonge vitupu, nao wakaambiwa wazi kwamba ni vitupu na kwa nini huenda vikasaidia. Baada ya majuma matatu maumivu yao yalipungua kwa 30 katika mia hivi. Wenzao waliofuata matibabu ya kawaida tu, kwa 9 hivi. Basi, kudanganywa si lazima.

Lakini uwezo huo una mpaka, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011, wagonjwa wa pumu waliovuta dawa tupu walisema wamepata nafuu karibu sawa na waliovuta dawa ya kweli. Walipopimwa pumzi kwa mashine, mapafu ya wale wa dawa tupu yalikuwa yamefunguka kidogo sana. Nafuu ya moyoni ilikuja, ugonjwa ukabaki. Kwa hiyo mgongo unaouma pamoja na homa, kukonda, miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo, usipelekwe kwa muuguzi wa sindano nyekundu wala kwa mwalimu. Upelekwe hospitali siku ile ile. Kifua kikuu cha mgongo hakiponi kwa matazamio.

Rafiki yangu hakuwa na dalili hizo. Alichokuwa nacho ni desturi mbaya: siku njema alifyatua matofali mpaka jua linazama, akilipiza siku alizolala, kesho yake hawezi kuinuka, naye husema, “Mgongo umevunjika.” Neno hilo peke yake hulisukuma lango. Tulilibadili kwanza: mgongo unauma, haukuvunjika, waganga wameuona.

Kisha tukachukua saa. Siku tatu aliandika dakika alizofanya kazi kabla maumivu hayajapanda: 30, 20 na 25. Wastani ni 25. Tukapunguza sehemu ya tano, tukapata 20. Basi alifanya kazi dakika 20, akapumzika 10, akaanza tena, hata kama siku hiyo mgongo ulikuwa mwema. Hilo ndilo lililomshinda zaidi, kusimama wakati haumwi! Wakati wa mapumziko alivuta pumzi polepole hata kuhesabu nne, akaitoa hata kuhesabu sita, na mke wake alimsugua mgongo jioni. Kila juma aliongeza dakika 2. Kipimo kilikuwa hiki: maumivu yakipanda kidogo na kushuka kabla ya asubuhi, hakuna neno; yakikaa siku mbili, rudi nyuma hatua mbili.

Juma la nne alikuwa amefika 26. Juma la tano mnunuzi akaja na haraka ya matofali 500, naye akaitupa saa. Alilala siku mbili. Aliporudi alianza na 22, akaona haya, lakini akaendelea. Juma la kumi alikuwa na 30. Alikuwa bado anaumwa. Ila alilala usiku, na matofali ya juma zima yalizidi yale ya zamani, ingawa hakuna siku hata moja aliyofyatua mengi.

Jumamosi nyingine bado hupita mlangoni kwa yule muuguzi. Hukaa, huzungumza naye, kisha huenda zake bila kudungwa. Asema hata mazungumzo tu humlegeza mgongo, nami sikumbishia.