Sura ya figo, dakika 90

Mlioanza uuguzi mwaka huu, sura ya figo mnaijua: kurasa 24, vichwa vidogo vinane, na una dakika 90 tu kabla ya shifti. Leo tuipitie kwa njia ya SQ3R, yaani kagua, uliza, soma, sema, rudia. Aliiandika mwanasaikolojia wa Marekani, Francis Robinson, mwaka 1946.

Dakika 10 za kwanza usisome aya hata moja. Pitia vichwa, michoro na muhtasari wa mwisho, halafu chagua vichwa vinne vya leo. Ndiyo, nusu ya sura. Vinne vilivyobaki vipangie siku nyingine, maana ukilazimisha vyote vinane, kitakachokatwa ni kusema, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kila kichwa kipe dakika 16: moja ya swali, kumi za kusoma, tano za kusema. Swali la "ni nini" halisaidii sana. Uliza hivi: figo huchuja kama lita 180 kwa siku, mkojo ni lita moja na nusu hivi, sasa zile nyingine zinakwenda wapi? Ukiwa na swali hilo, kurasa tatu unazisoma kwa kutafuta jibu, na mengine unayapita haraka.

Halafu funga kitabu. Funga kabisa, maana ukichungulia utayatambua maneno na kudhani unayajua. Sema kwa sauti, kama unamweleza mama kwenye simu, kwa Kiswahili hiki hiki chetu cha nyumbani: "Maji yanarudi kwenye damu, mama. Kama theluthi mbili yanarudi pale mwanzo tu wa mrija. Chumvi inavutwa kwanza, maji yanaifuata." Ukikwama kwenye "yanarudi" na huwezi kusema yanarudi vipi, umegundua pengo lako. Fungua, soma aya hiyo tu, sema tena. Baada ya hapo andika maneno ya kitaalamu kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani hautakuuliza kwa Kiswahili. Mistari mitatu inatosha. Nikiona mtu kajaza ukurasa mzima najua kanakili.

Dakika 16 za mwisho, funika majibu, soma maswali yako manne na ujibu. Lililokushinda litie alama, na kesho anza nalo kabla ya kugusa vichwa vipya.

Kurasa za hesabu, kama za kupiga kipimo cha dawa au kasi ya dripu, njia hii haizifai sana. Huko kagua mfano mmoja, funga kitabu, kisha fanya hesabu yenyewe kwa kalamu.