Bei ya tairi ndiyo namba ya mwisho kusoma

Wasee, wacha niseme ukweli: ukiingia dukani na swali la kwanza ni "hii ni ngapi?", tayari umeuziwa. Na mimi niliuziwa.

Mwaka jana mimi na binamu yangu tulinunua matairi manne ya mtumba ya Probox tunayobebea watu na mizigo kati ya Meru na Embu. Meno mazuri, yameng'aa kama viatu vya harusi, 2,500 kila moja. Wiki chache baadaye, tukiteremka kuelekea daraja la Nithi, tairi la nyuma likapasuka. Hakuna aliyeumia, lakini mama mmoja aliyekuwa nasi alikataa kurudi garini. Simlaumu.

Tulipolivua ndipo nikasoma ubavuni: DOT, kisha herufi, kisha 1114. Namba nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa: wiki ya 11, mwaka 2014. Tulinunua mzee aliyepakwa mafuta. Mpira hukauka hata kama gari halitembei, na meno hayakwambii hilo. Angalia nyufa ndogo ndogo ubavuni na katikati ya meno. Na chunga: mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu, kwa hivyo geuza tairi kabla fundi hajalifunga. Kampuni nyingi za matairi husema miaka 10 ndiyo mwisho kabisa, hata kama meno bado yapo, na kuanzia mwaka wa tano likaguliwe kila mwaka.

Lakini umri haukuwa kosa letu la pekee. Baada ya saizi kuna namba ndogo na herufi, kwa mfano 79T. Hiyo 79 si kilo 79, ni kodi ya mzigo: tairi moja linabeba kilo 437, likiwa na upepo wa kutosha. 83 ni kilo 487, na 88 ni kilo 560. Herufi ni ya spidi.

Sasa piga hesabu yetu. Gari tupu ni karibu kilo 1,050. Watu watano, tuseme kilo 350. Magunia ya viazi, kilo 250. Jumla 1,650. Mzigo ukiwa nyuma, ekseli ya nyuma inaweza kubeba asilimia 60, yaani kilo 990, au 495 kwa kila tairi. Sisi tulikuwa na 79. Kila tairi la nyuma lilizidiwa kilo 58! Likizidiwa, ubavu hukunjika sana kila mzunguko, joto linapanda, na mpira mzee hauvumilii joto. Hata 83 isingetosha. Tulihitaji 88, ama tuache magunia mawili matatu sokoni.

"Lakini bro, mapya ni ghali." Sawa, tuhesabu kwa kilomita. Tairi jipya la aina yetu, tuseme 5,600 na kufunga 200, jumla 5,800. Meno yake ni milimita 8, na yakifika 1.6, pale vile vinundu vya alama ndani ya mikato vinapolingana na meno, limeisha. Kwa hivyo unatumia milimita 6.4. Likikupa kilomita 40,000, ni senti 14.5 kwa kilomita. La mtumba lina milimita 4, unatumia 2.4 tu. Likiisha kwa kasi ileile, utapata kilomita 15,000. Ukigawa 2,700 kwa hizo, ni senti 18.

Tofauti ni senti tatu na nusu. Unacheka? Zidisha kwa matairi manne na kilomita 40,000: shilingi 5,600. Yaani "rahisi" imekula bei ya tairi moja jipya. Na hapo nimehesabu kwamba litafika mwisho. Letu halikufika.

Kuna upande wa pili pia, nisidanganye. Kama gari lako hutembea kilomita 4,000 tu kwa mwaka, hizo 40,000 zitachukua miaka 10. Uzee utalimaliza kabla ya meno, kwa hivyo usilipie zaidi ati ndilo la kudumu sana. Tafuta jipya la kawaida lenye tarehe ya karibuni.

Siku hizi nikifika kwa fundi pale Makutano naanza na tarehe, halafu mzigo, halafu meno. Bei naiuliza mwisho. Jana mmoja aliniambia, "Kijana, wewe unanunua tairi ama unaoa?" Nikamwambia mzee, hili ndilo linabeba mama za watu.

Toka nje sasa hivi usome namba za gari la nyumbani kwenu. Ukipata tarehe ya kutisha, niandikie hapo chini.