Sijala, wala si sijakula

Mwulize mtoto wa shule ya msingi huku Ugweno kama amekula, atakujibu "bado sijakula". Mwulize kama mwalimu amefika, atasema "hajakuja". Kesho yake anaandika hivyo hivyo kwenye daftari la Kiswahili, linarudi na mstari mwekundu, na juu yake neno moja: sijala. Hakuna anayemweleza sababu. Anaambiwa tu kwamba kula na kuja ni "vitenzi visivyofuata kanuni", akariri orodha, basi.

Maoni yetu ni kwamba kauli hiyo si kweli, na inawaonea watoto. Vitenzi hivi vina kanuni, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuielewa katika kipindi kimoja.

Orodha yenyewe ni fupi: -la, -nywa, -fa, -ja, -wa, -pa, -nya, -cha na -chwa. Hicho cha mwisho ni cha jua kuzama, na ndugu yake ni kutwa, tunayoisikia katika "mchana kutwa". Kila kimoja kina mzizi wa silabi moja tu, na hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Kwenda na kwisha huchanganywa humu mara nyingi kwa sababu nazo hubeba ku, lakini mizizi yake ina silabi mbili. Ndiyo maana tunaweza kusema anakwenda na anaenda, lakini hatuwezi kusema anala.

Kwa nini hatuwezi? Kwa sababu Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "anasoma" mkazo unakaa kwenye SO, yaani ndani ya kitenzi chenyewe. Ondoa soma, weka la, na mkazo utaangukia kwenye na: a-NA-la. Kiambishi na hakibebi mkazo. Me, li, ta, nge na ngali nazo hazibebi. Ndipo ku inapoingia kuupokea: a-na-KU-la, a-li-KU-nywa, a-nge-KU-wa. Ku hiyo haiongezi maana yoyote. Kazi yake ni kubeba mkazo, na ikipatikana silabi nyingine ya kuubeba, ku inaondoka.

Ichukueni sahani ya makande muone. "Amekula makande": me haiwezi mkazo, ku imekuja. Sasa sema "makande ameyala": ya ya makande imekaa palepale panapotakiwa mkazo, a-me-YA-la, na ku imejiondokea. Chai nayo ni hivyo hivyo: amekunywa chai, lakini chai ameinywa. Ki, ka na hu hubeba mkazo vizuri, kwa hiyo tunasema akila, akala, hula. Ndivyo ilivyo pia kwa ale, usile, na hali yenye maana ya kutokula. Kirejeshi hakibebi, kwa hiyo ku inarudi: anayekula, asiyekuja. Mwalimu akiandika "amekula" na "ameyala" ubaoni, moja chini ya nyingine, na darasa zima likazisoma kwa sauti huku likipiga kofi penye mkazo, somo limeingia.

Hapo ndipo sijala inapoeleweka. Ja ya kukanusha hubeba mkazo, si-JA-la, kwa hiyo ku haina kazi pale. Mtoto anayesema sijakula hajakosa akili. Amesikia nimekula, akaikanusha moja kwa moja kwa kufuata mfano alionao, na watu wazima wengi, wasomi wakiwamo, husema hivyo hivyo sokoni na ofisini. Sisi hatuwasahihishi watu barabarani. Tunachotaka ni kwamba mtoto anayekatwa alama aonyeshwe mahali alipopotea.

Mtego mkubwa zaidi ni hakula. Wengi wanaiona ile ku, wanaidhani ni ileile ya kula, kisha wanaandika "hakukula". Dawa yake ni kuipima kwa kitenzi kirefu. Tunasema "hakusoma", na kusoma haina haja ya kusaidiwa mkazo. Basi ku ya hakusoma ni ya kukanusha wakati uliopita, na ndiyo hiyohiyo iliyomo katika ha-KU-la, ha-KU-ja, ha-KU-wa. Inakanusha, na papo hapo inabeba mkazo. Ku ya pili ni mzigo wa bure. Kipimo hiki kinafaa kila mahali: ukitilia shaka ku, weka soma mahali pa la, uone kama ku inabaki.

Kupa kinahitaji neno lake peke yake. Hakisimami bila anayepewa, na anayepewa ndiye anayebeba mkazo: amenipa, amempa, amewapa. Kwa hiyo katika "amekupa" ile ku ni wewe, mpokeaji. Kinachokaidi kweli kanuni hii ni kidogo sana: njoo na njooni, amri za kuja, ambazo lazima zikaririwe. Amri za kula na kunywa hubaki na ku, kula, kuleni, kunywa, kunyweni, nazo zinafuata sababu ileile ya mkazo.

Kuna jambo la pili, na hili linatuhusu sisi wa milima hii kuliko mtu wa Tanga au Unguja. Vitenzi vya kula, kunywa, kufa na kupa ni urithi wa zamani wa Kibantu, na ni vifupi katika lugha nyingi za jamii hiyo. Kigweno, ambacho kina undugu na Kichaga ingawa kimezungukwa na Chasu, kinazidi kuachwa na vijana wanaohamia Chasu na Kiswahili. Wanaisimu Gérard Philippson na Derek Nurse walichapisha makala juu yake mwaka 2000. Lakini shuleni kwetu hakuna jedwali la vitenzi vyake vifupi analoweza kulishika mwanafunzi.

Jedwali hilo linaweza kuanza mwaka huu, kwa walimu na wazee kukaa pamoja, ila lisifanywe kwa kuuliza "kula mnasemaje?" Ukiuliza hivyo unapata neno moja, na tabia ya kitenzi inabaki imefichika. Ziulizwe sentensi nzima: anakula, alikula, hajala, akila, makande ameyala, usile, kula! Kisha zirudiwe kwa kunywa, kufa, kuja na kupa. Wala tusitarajie kukuta ku ya Kiswahili ikicheza mchezo uleule, maana Kigweno na Chasu ni lugha za toni, na kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubeba kazi ambayo Kiswahili kimeupa mkazo. Tahajia ya kawaida haionyeshi toni. Kwa hiyo kila sentensi irekodiwe kwa simu, bibi au babu aiseme mara mbili bila haraka, na faili ipewe jina la sentensi, kijiji na tarehe. Daftari libaki maktaba ya shule, na nakala ya sauti ihifadhiwe mahali pa pili.

Ofisi za elimu za Mwanga na Same zinaweza kuanza na shule moja moja. Kazi yote inahitaji simu, daftari, na asubuhi chache za wazee ambao bado wanazungumza Kigweno nyumbani.